Barua ya Mtaro: Namna ya Kueleza Mishale ya Mchoro Wako kwa Manispaa

Kila masika hapa Moshi, mezani kwetu hufika barua za wenye nyumba zinazolalamikia maji ya mvua, na nyingi huambatanishwa na mchoro wa kiwanja uliojaa mishale. Tatizo huwa katika mishale yenyewe. Mmoja unaonyesha maji yanakopita sasa, mwingine unaonyesha mwenye nyumba anakotaka yapite, na yote imechorwa kwa kalamu moja bila maelezo, hata mhandisi ashindwe kujua kilichopo ni kipi na kinachoombwa ni kipi. Kwa hiyo chora mshale wa mstari mzima kwa maji uliyoyaona kwa macho mvua ikinyesha, mshale wa mstari wa kukatika kwa njia unayoiomba, kisha uupe kila mshale herufi na uueleze kwa herufi hiyo ndani ya barua.

Tuchukue mfano wa kiwanja kinachoteremka kutoka kaskazini kuelekea kusini, kama vilivyo viwanja vingi vya mji huu ulio miguuni pa Kilimanjaro, chenye geti na mtaro wa barabara upande wa chini. Mwenye nyumba amepima vimo kwa paipu ya plastiki angavu iliyojazwa maji, njia ambayo mafundi wetu huitumia kila siku. Inatosha kabisa, mradi paipu isiwe na mapovu, kwa kuwa hata povu moja huharibu kipimo. Kizingiti cha mlango wa mbele amekipa kimo cha mita 100.00, na vimo vingine vyote vinapimwa kutoka hapo. Barua yake, baada ya kichwa kinachotaja namba ya kiwanja na kitalu, inasema hivi:

"Mshale A unaonyesha maji yanayoingia kutoka kiwanja cha juu, kona ya kaskazini-magharibi, penye kimo cha mita 100.10. Mshale B unaonyesha maji hayo yakipita ubavuni mwa nyumba kwa mita 35 hadi getini, penye kimo cha 99.40. Eneo lililochorwa mistari ya mshazari karibu na geti ni mahali maji yalipotuama usiku kucha baada ya mvua ya tarehe 19 Aprili. Mshale C unaonyesha maji yakivuka mpaka na kuingia kwa jirani yangu wa mashariki. Alama ya duara yenye msalaba ni chemba ya maji taka, na hakuna maji ya mvua yanayoelekezwa humo. Mshale D, wa mstari wa kukatika, ni njia ninayoiomba kutoka getini hadi kwenye karavati ya barabara."

Mshale C ndio ambao wengi huuacha, na wakati mwingine si kwa kusahau. Uandikwe, kwa sababu mkaguzi atauona ukutani kwa jirani hata usipochorwa.

Sasa soma vimo. Kutoka A hadi B ardhi inashuka sentimita 70 katika mita 35, yaani sentimita 2 kwa kila mita, mteremko unaotosha maji kwenda bila kusukumwa. Lakini mwenye nyumba alipopima ndani ya karavati alipata 99.55, juu ya geti kwa sentimita 15. Mshale D, kama ulivyochorwa, unayataka maji yapande. Hakuna mtaro mpya, hata wa zege, utakaoponya hali hiyo.

Hapo ndipo kipimo cha pili kinapohitajika. Alichomeka nondo katika tope la karavati mpaka ikagonga zege, akapata sakafu yake iko 99.30. Sentimita 25 zote zilikuwa mchanga na takataka. Tope likiondolewa, maji yatashuka sentimita 10 katika mita 5 zilizopo kati ya geti na karavati, mteremko uleule wa sentimita 2 kwa mita. Ombi likabadilika: badala ya kujengewa mtaro, aliomba karavati izibuliwe, kazi ndogo na rahisi zaidi kuipangia fedha. Vimo vyote viwili, juu ya tope na juu ya zege, aliviandika kando ya mshale D.

Maji ya paa yapewe alama yake. Paa linalofunika mita za mraba 140, mvua ikinyesha milimita 30, hutoa takribani lita 4,200, hivyo simtanki la lita 3,000 litafurika hata kama lilikuwa tupu. Onyesha kwa mshale maji ya kufurika yanamwagikia wapi.

Barua ielekezwe kwa Mkurugenzi wa Manispaa kupitia ofisi ya mtaa, na nakala iende TARURA, ambayo tangu 2017 ndiyo inayosimamia barabara za mitaa pamoja na mitaro yake. Weka alama ya kaskazini hata kama unadhani mlima unatosha, andika tarehe ya kupima, na utie sahihi kwenye barua na kwenye mchoro pia, maana karatasi hizi mbili huachana mara nyingi zikipita meza kwa meza.