Je, wajua kwa nini ukiomba kufundishwa kiingereza unaishia kuulizwa maswali?

"Habari wakuu, naomba anayejua kiingereza anifundishe, nia ninayo kabisa. Mbona kila nikiomba hivi watu wananiuliza maswali tu, hawaanzi kufundisha?"

Mkuu, hayo maswali ndo somo lenyewe limeanza. Ombi kama lako linaweza kuandikwa na watu watatu ambao hawawezi kukaa darasa moja: kuna asiyejua hata kujitambulisha, kuna aliyekisoma shuleni miaka mingi na gazeti anasoma vizuri tu ila akitakiwa kufungua mdomo anaganda, halafu kuna anayeongea freshi kabisa lakini barua ya kazi inamshinda kuandika. Mwalimu akianza na salamu na kujitambulisha, wa kwanza anafaidika, wa pili anaboreka siku ya pili humuoni, wa tatu ndo kabisa hana cha kuchukua pale. Kwa hiyo mtu asipojua levo yako, unakitakia nini na kwa wiki una masaa mangapi, kila atakachokupa ni kubahatisha.

Levo ndo inawachanganya wengi maana ukimuuliza mtu anakujibu "najua kidogo", na hiyo kidogo haipimiki. Baraza la Ulaya mwaka 2001 lilitoa mfumo wa ngazi 6 ambao sasa unatumika karibu kila mahali, A1 na A2 kwa wanaoanza, B1 na B2 wa kati, C1 na C2 waliobobea. Ila usijipe herufi moja ukaridhika, kwa sababu kusoma, kusikiliza, kuongea na kuandika ni vitu vinne na mtu mmoja anaweza kuwa B1 kwenye kusoma huku kuongea kwake ni A1, hii ni kawaida sana kwa waliojifunzia kwenye daftari.

Kujipima mwenyewe haihitaji hela. Chukua maandishi yoyote ya kiingereza, hesabu maneno 100 mfululizo, halafu weka alama kila neno usilolijua. Watafiti wa msamiati kama Paul Nation wa New Zealand wanasema ili usome bila msaada unatakiwa uwe unajua kama asilimia 98 ya maneno, yaani usiyoyajua yasizidi 2 kwenye 100. Yakifika 10 hayo maandishi yamekuzidi, utakuwa unapekua kamusi tu, husomi. Kwenye kusikiliza, tafuta sauti ya dakika moja yenye maandishi yake, sikiliza kwanza bila kuangalia kisha soma: kama ukisoma unaelewa ila ukisikiliza ulipotea, basi tatizo lako ni sikio, na kukariri maneno mapya hakutalitibu. Mwisho jirekodi kwenye simu dakika 2 ukieleza jana ulifanya nini, bila kuandika kwanza. Nimependa jana kwa sababu inakulazimisha kutumia wakati uliopita, na hapo ndo panaonyesha mapema nani anakariri na nani anaunda sentensi mwenyewe.

Tuchukue mfano. Tuseme wewe kwenye kusoma ulikosa maneno 4 katika 100, sauti ya dakika moja ulishika nusu, na kwenye rekodi uliongea sekunde 40 ukaishiwa, na vitendo vyote ukaviacha kwenye wakati uliopo. Hapo mwalimu haraka haraka atakuweka A2 kwenye kuongea, kusoma uko juu kidogo. Unataka kazi ya mapokezi, intavyuu iko baada ya wiki 8, na kwa wiki unaweza masaa 3.

Sasa piga hesabu, na hapa ndo pana ukweli ambao wengi hawaambiwi. Makadirio ya watu wa mitihani ya Cambridge ni kwamba kufika A2 kunachukua kama masaa 180 hadi 200 ya kufundishwa tangu sifuri, na kufika B1 ni 350 hadi 400. Kwa hiyo kutoka A2 kwenda B1 ni kama masaa 180 hivi. Ukigawa kwa 3 unapata wiki 60, zaidi ya mwaka, na ungekuwa na saa moja kila siku ingekuwa kama wiki 26. Ni makadirio tu, mtu anayekisikia kila siku anakolala na anakofanya kazi anaweza kwenda haraka zaidi, lakini wiki 8 zako ni masaa 24 na masaa 24 hayakupandishi levo hata ufundishwe na nani. Anayekuahidi hivyo anakudanganya.

Ila masaa 24 yanatosha kwa intavyuu, na hii ndo faida ya kusema lengo. Mwalimu anaacha kufundisha kiingereza chote, zile tensi 12 anaziweka pembeni kwa sasa. Anachukua maswali kama 15 ambayo kazi ya mapokezi huulizwa, jieleze, ulifanya kazi wapi, mgeni akija na hasira utafanyaje, na kutoka kwenye majibu YAKO anachomoa gramma mnayoihitaji. Kueleza kazi ulizofanya kunadai wakati uliopita, basi wiki mbili za kwanza ni huo tu. Mgeni mwenye hasira anadai maneno ya kuomba radhi na ya kuuliza kwa adabu, hizo wiki mbili nyingine. Wiki 4 zilizobaki ni kuulizwa na kujibu, maswali yakipanguliwa na kuulizwa kwa namna tofauti kila siku, kwa sababu sikio lako ndo dhaifu na ukikariri swali kwa sura moja tu, likija kwa sura nyingine unaganda tena.

Na yale masaa 3 usiyarundike jumamosi, yagawe nusu saa mara 6. Hermann Ebbinghaus tangu 1885 alionyesha kwamba kusahau kunakuwa kwa kasi zaidi muda mfupi baada ya kujifunza halafu kunapungua, ndo maana kurudia kesho yake kunaokoa vingi kuliko kukaa masaa 3 siku moja. Kila nusu saa, dakika 5 za mwanzo ni za kusema kwa mdomo ya jana bila kuangalia popote. Ukiona unatikisa kichwa kila kitu unaelewa ila hizo dakika 5 huwezi kutoa sentensi, mwambie mwalimu apunguze vitu vipya, mnakimbia mno.

Kwa hiyo andika upya ombi lako, hivi: "Nasoma maandishi mepesi naelewa, nikisikiliza nashika nusu, kuongea naishiwa chini ya dakika. Nina intavyuu ya mapokezi baada ya wiki 8, nina nusu saa siku 6 kwa wiki, usiku." Mtu akisoma hivyo anaweza kukutumia swali la kwanza la intavyuu usiku huo huo, unajibu kwa sauti, anakurekebisha vitendo viwili vitatu, mmeanza. Ile rekodi ya dakika 2 usiifute, wiki ya 4 jirekodi tena kwa swali lile lile na hesabu sekunde ulizoongea na vitendo ulivyoviweka kwenye wakati uliopita sawasawa. Kama hazijaongezeka, mbadili zoezi kabla wiki 4 za mwisho hazijaisha.