Riba kwenye stetimenti ya pensheni: usiipigie kwa salio la mwisho

"Stetimenti inasema riba 10%, salio la mwisho 565,500, mbona riba ni 45,500 na sio 56,550? Wamenikata?"

Hapana, hujakatwa. Riba haipigwi kwa salio la mwisho, kila shilingi inalipwa kwa muda iliokaa kwenye mfuko. Zuum picha ya stetimenti yako uangalie juu, Opening Balance, yaani salio la kuanzia mwaka, ni 400,000, hiyo imekaa mwaka mzima kwahiyo inazaa 40,000. Halafu kuna kolamu mbili, Member 60,000 yako na Employer 60,000 ya mwajiri, yaani kwa pamoja 10,000 kila mwisho wa mwezi, sasa ya Januari imekaa miezi 11 ila ya Desemba haijakaa hata siku, wastani miezi 5 na nusu, 120,000 × 10% × 5.5/12 inakupa 5,500. Jumla 45,500, safi kabisa.

Kisha jumlisha mwenyewe: 400,000 + 60,000 + 60,000 + 45,500 = 565,500. Isipolingana, kwanza rudia picha maana 5 na 6 zikififia zinafanana sana, ikibaki hivyo angalia kama kuna makato ya uendeshaji yameandikwa pembeni.

Ila jamani hesabu kulingana haimaanishi mwajiri kalipa yote! Mwezi ambao hakupeleka haupo kabisa kwenye hiyo jumla, na salio bado litalingana vizuri tu. Chukua pesilipu zako, linganisha mwezi kwa mwezi na kolamu zote mbili, ukikuta pengo waandikie wasimamizi wa mfuko mapema.