Kuhakiki PDF iliyoskaniwa: tarakimu na majina yaliyosomwa vibaya

PDF iliyoskaniwa mara nyingi ina tabaka mbili: picha ya ukurasa, na chini yake maandishi yasiyoonekana ambayo programu ya OCR imeyakisia kutokana na picha hiyo. Jicho linaona picha. Ukitafuta neno au ukinakili safu ya fedha, unachopata ni yale makisio. Kuhakiki maana yake ni kulinganisha tabaka hizo mbili, ukianzia pale ambapo kosa lina uwezekano mkubwa wa kujificha.

Kosa la neno hujitangaza lenyewe. Ukikuta "shilinqi" unajua ni "shilingi". Tarakimu haina tahajia ya kuisaliti: 3,000 na 8,000 zote ni sahihi kwa macho, kwa hiyo inayohitaji ushahidi zaidi ni hiyo.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni jumla iliyoandikwa kwenye hati yenyewe. Chukua mfano wa orodha ya michango minne ambayo OCR imeisoma hivi: 12,500, 3,000, 3,750 na 15,000, na chini yake jumla 39,250. Ukizijumlisha mwenyewe unapata 34,250. Pengo ni 5,000 kamili, nalo lina la kusema. Kosa likiwa la tarakimu moja tu, na jumla yenyewe ikiwa imesomwa sawasawa, basi liko kwenye nafasi ya maelfu, na tarakimu hiyo imepungua kwa 5. Jozi moja inayofanana kwa umbo na kutofautiana kwa 5 ni 8 na 3, hasa wino ukiwa umefifia upande wa kushoto. Tarakimu 3 kwenye nafasi ya maelfu ipo katika 3,000 na katika 3,750, kwa hiyo unakuza picha sehemu hizo mbili tu, na pale penye 3,000 unaikuta 8 iliyokatika. Pengo la 6 huelekeza kwenye 1 na 7, na la 2 kwenye 6 na 8. Jumla ikikubali, bado si hakikisho kamili, kwa kuwa makosa mawili yanaweza kufutana. Jedwali lenye jumla za safu na za mistari linakupa kinga ya pili.

Hati za zamani za Kenya, Uganda na Tanganyika zina mtego wao. Shilingi na senti ziliandikwa kwa mkwaju: 20/- ni shilingi ishirini, 12/50 ni shilingi kumi na mbili na senti hamsini. OCR huweza kuuona mkwaju kuwa 1, ukapata 201- na 12150. Kistari kilichobaki mwishoni mwa 201- kinakuashiria kosa, lakini 12150 haina alama yoyote, na inakuzwa karibu mara elfu bila kelele. Kwenye hati kama hizo, kila 1 iliyo katikati ya kiasi cha fedha itazame kwenye picha.

Herufi zilizojipenyeza kati ya tarakimu, kama O badala ya 0, l au I badala ya 1, S badala ya 5 na B badala ya 8, zitafute kwa amri. Ya kwanza inatoa maandishi yaliyofichwa, ya pili inaonyesha mistari yenye shaka:

```
pdftotext -layout orodha.pdf orodha.txt
grep -nE '[0-9],?[OlISB]|[OlISB],?[0-9]|[0-9]1-' orodha.txt
```

Kwa majina, panga yote kwa alfabeti na uhesabu kila moja limetokea mara ngapi. Jina lililotokea mara moja, jirani na linalofanana nalo lililotokea mara nyingi, ni la kushukiwa: "Jurna" kando ya "Juma", kwa sababu r na n zilizobanana hufanana na m. Lakini usisawazishe kwa mazoea. Abdalla na Abdallah wanaweza kuwa watu wawili, vilevile Mohamed na Mohammed. Mwamuzi ni picha, na picha isipoamua, weka alama ya kuuliza kando ya jina na uliache lilivyo.

Picha nayo ina mpaka wake. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alionyesha kuwa baadhi ya mashine za Xerox zilibadilisha tarakimu ndani ya picha yenyewe, bila OCR kuhusika. Mbinu ya kubana faili, iitwayo JBIG2, ilichukua vipande vinavyofanana na kutumia kimoja mahali pa kingine. Kwenye ramani ya jengo, vyumba vya mita za mraba 21.11 na 17.42 vyote vilitoka vimeandikwa 14.13. Tarakimu zilikuwa safi na kali, hata ukizikuza. Kilichofichua kosa ni mchoro: chumba kikubwa kilikuwa na eneo sawa na kidogo. Kwa hiyo, hesabu ikikataa huku picha ikionekana safi, omba karatasi ya asili.