Nusu ya Pili Fupi ya Mzunguko wa Hedhi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mzunguko wa hedhi una nusu mbili zinazotenganishwa na siku ambayo ovari inaachilia yai. Nusu ya pili, ambayo wataalamu huiita awamu ya luteali, huanza yai linapotoka na kuisha siku moja kabla ya hedhi inayofuata, na kwa wanawake wengi huchukua siku 12 hadi 14. Ikiwa siku hizo ni 10 au pungufu, awamu hiyo huhesabiwa kuwa fupi. Dhana nyingi potofu juu ya jambo hili zinatokana na hesabu iliyoanzia siku isiyo yake, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye hesabu.

Dhana: Mwenye mzunguko mfupi ana nusu ya pili fupi, na mwenye mzunguko wa siku 28 hana wasiwasi.

Urefu wa mzunguko mzima hautoshi kusema lolote kuhusu nusu ya pili. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 24 ambaye yai lake hutoka siku ya 11 ana siku 13 baada ya hapo, na hizo zinatosha. Mwingine ana siku 28 kamili, lakini yai lake hutoka siku ya 19, hivyo hubakiwa na siku 9 tu. Kwa macho ya kalenda, wa pili ndiye anayeonekana hana tatizo.

Dhana: Programu ya simu inaonyesha siku yai lilipotoka, kwa hiyo inatosha kuhesabu kuanzia hapo.

Hii ndiyo dhana inayopoteza watu muda mwingi zaidi. Programu inayotegemea tarehe za hedhi peke yake haijui yai limetoka lini. Aghalabu huchukua tarehe ya hedhi inayotarajiwa na kurudi nyuma siku 14 hivi. Programu ya namna hiyo haiwezi kamwe kugundua nusu ya pili iliyo fupi, kwa sababu imeanza kwa kudhani kwamba si fupi.

Tuchukue mfano wa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 25. Programu inamwambia yai lilitoka siku ya 11. Mwezi huu anaamua kupima mkojo kila siku kwa vijiti vinavyotambua homoni ya LH, ile inayopanda ghafla na kufuatiwa na kutoka kwa yai baada ya saa 24 hadi 36 hivi. Kijiti kinaonyesha mpando kwa mara ya kwanza siku ya 14, naye anaiandika siku ya 15 kuwa ndiyo ya yai. Kila asubuhi, kabla hajainuka kitandani, anapima pia joto la mwili, na kuanzia siku ya 16 linapanda kwa sehemu chache za kumi za nyuzi na kubaki juu. Hedhi inaanza siku ya 26. Kuanzia siku ya 16 hadi ya 25 ni siku 10, wala si 14 alizoamini kwa muda wote huo.

Kuna kosa jingine dogo katika hesabu hii. Matone machache ya damu yanayotangulia hedhi kwa siku moja au mbili hayahesabiwi kuwa hedhi. Siku ya kwanza ni ile ambayo damu imetoka kwa wingi wake wa kawaida. Anayeanza kuhesabu kwenye tone la kwanza huifupisha nusu ya pili kwenye karatasi tu, ingawa matone yanayojirudia kila mwezi yanastahili kutajwa kwa daktari.

Dhana: Nusu ya pili ikiwa fupi, kiinitete hudondoka kwa kukosa pa kushika.

Kinachotokea ni mbio za muda baina ya homoni mbili. Yai likishatoka, kifuko kilichokuwa kimelibeba hugeuka kuwa tezi ya muda inayotengeneza projesteroni, homoni inayoandaa ukuta wa ndani wa mji wa mimba na kuuzuia usibomoke. Tezi hiyo isipopata ishara ya mimba hunyauka, projesteroni hushuka, na ukuta hutoka kama hedhi. Ishara inayoiokoa ni hCG, nayo hutolewa na kiinitete ambacho tayari kimeanza kujipandikiza.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba, katika mimba zilizovuka wiki 6, kujipandikiza kulitokea siku ya 8, 9 au 10 baada ya yai kutoka kwa asilimia 84. Sasa fikiria tezi inayoanza kuzimika siku ya 7 au ya 8: kiinitete chenye afya, kilichofika kwa wakati wake, kinaweza kukuta ukuta umeshaanza kunyimwa projesteroni kabla hCG haijatosha kuizindua tezi.

Hata hivyo, hili ni jambo linaloweza kutokea, si hukumu. Nusu ya pili fupi hujitokeza mara moja moja kwa wanawake wanaoshika mimba bila shida, na mzunguko mmoja wa namna hiyo hauthibitishi utasa. Ikijirudia, ndipo daktari hutafuta kinachoisababisha: homoni ya prolaktini iliyozidi, hitilafu ya tezi ya thairoidi, kupungua uzito kupita kiasi, au mazoezi makali yasiyolingana na chakula. Hutokea pia mwanamke anaponyonyesha na anapokaribia kukoma hedhi.

Dhana: Kipimo cha damu cha projesteroni siku ya 21 kinamaliza ubishi.

Siku ya 21 inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28 ambaye yai lake hutoka siku ya 14, kwa sababu inaangukia siku 7 baadaye. Mwenye mzunguko wa siku 35 ambaye yai hutoka siku ya 21 akipimwa siku hiyo atakutwa na projesteroni ya chini, na anaweza kuambiwa kwamba yai halitoki kabisa, ilhali angepimwa siku ya 28 majibu yangekuwa mengine.

Hata siku ikiwa sahihi, projesteroni humwagwa kwenye damu kwa mapigo, na kiwango chake kinaweza kubadilika mara kadhaa ndani ya saa moja na nusu. Kiwango kinachozidi nanogramu 3 kwa mililita kinaonyesha kwamba yai limetoka, lakini namba moja haiwezi kusema kama nusu ya pili inatosha. Zamani walikata kipande kidogo cha ukuta wa mji wa mimba na kukikagua kwa hadubini; njia hiyo imeachwa kwa kazi hii, maana wanawake wenye uwezo wa kuzaa nao walionekana na kasoro ile ile. Kumbukumbu za mizunguko kadhaa, zenye siku ya LH na siku ya hedhi, humsaidia daktari kuliko namba hiyo moja.

Dhana: Vidonge vya projesteroni vikirefusha siku, tatizo limekwisha.

Projesteroni huzuia hedhi kwa muda wote inapotumiwa, kwa hiyo siku zitarefuka hata kama hakuna kiinitete kilichojipandikiza. Katika mimba ya kupandikizwa kutoka maabara faida yake imethibitishwa. Kwa anayetafuta mimba kwa njia ya kawaida ushahidi ni dhaifu. Anayepewa dawa hii asichukulie kuchelewa kwa hedhi kuwa ni mimba, wala asiikatize kwa kudhani imeshindwa, kabla hajapima hCG siku aliyoelekezwa na daktari.