Ukinunua nyumba yenye hati, unanunua miaka iliyobaki

Nimefanya uthamini hapa Tabora muda mrefu, na kuna sentensi moja ambayo nikiisikia huweka kalamu chini: "Hati ikishahamishiwa jina langu, miaka inaanza upya." Mwezi huu pekee nimeisikia mara tatu, na mara ya mwisho ilitoka kwa kijana ambaye tayari alikuwa amelipa milioni 5 za kishika uchumba.

Haianzi upya. Hati ya miaka 33 ikiwa imekwishatembea miaka 27, anayeinunua anapata 6. Anayehamisha jina anampa mwenzake kile alichokuwa nacho, na hakuna mtu anayeweza kuuza miaka asiyokuwa nayo. Miaka mipya hutolewa na Kamishna wa Ardhi kwa maombi ya kuhuisha milki, nayo ni kazi nyingine kabisa, yenye faili lake na malipo yake.

Chanzo cha dhana hii nakijua. Watu wanaamini kwamba hati ni milki huru, ile ya kumiliki ardhi bila kikomo. Tanzania Bara haina milki huru. Zilikuwepo tangu enzi za Wajerumani, lakini mwaka 1963 zikageuzwa kuwa mikataba ya serikali ya miaka 99, na mwaka 1969 mikataba hiyo ikawa haki ya kumiliki kama tunayoijua leo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini wake, na wewe unapewa haki ya kuimiliki kwa muda usiozidi miaka 99. Hati nyingi ninazoshika mjini ni za miaka 33, 66 au 99.

Turudi kwa yule kijana. Alikuwa ameelewana na mzee mmoja anunue fremu nne kwa shilingi milioni 60. Fremu zote zina wapangaji, na ukishatoa matengenezo na kodi ya majengo, kinachobaki ni milioni 6 kwa mwaka. Yeye alipiga hesabu ya haraka: miaka kumi pesa inarudi, halafu ni faida tupu hadi kwa wajukuu. Nikamwomba hati. Ukurasa wa kwanza umeandikwa miaka 33, na muda unahesabiwa kuanzia tarehe iliyo kwenye ile barua ya toleo, ambayo wengi tunaiita ofa. Mzee alipokea hati yenyewe miaka minne baada ya ofa, na siku zote amekuwa akihesabu kuanzia siku aliyoipokea. Kwa hesabu yake ilibaki miaka 10. Kwa hesabu ya hati ilibaki 6.

Sasa thamani. Mnunuzi wa fremu ananunua kodi zijazo za wapangaji, na kodi ya mbali ina thamani ndogo kuliko ya karibu. Tuseme anataka pesa yake imzalie asilimia 10 kwa mwaka. Milioni 6 atakazopokea mwisho wa mwaka wa kwanza, leo ni kama milioni 5.45. Milioni 6 za mwaka wa 33, leo ni kama shilingi 258,000 tu. Ukijumlisha thamani ya leo ya kila mwaka, tukichukulia kodi haipandi wala haishuki, unapata hivi: miaka 99 ni karibu milioni 60, miaka 33 ni milioni 57.4, miaka 20 ni milioni 51, miaka 10 ni milioni 36.9, na miaka 6 ni milioni 26.

Tazama namba hizo zinavyokwenda. Kutoka 99 hadi 33 umepoteza miaka 66, lakini thamani imepungua kwa milioni 2.6 tu. Kutoka 20 hadi 10 umepoteza miaka kumi, na zaidi ya milioni 14 zimeondoka. Thamani haishuki kama maji ya tenki yanayovuja kidogo kidogo kwa kipimo kilekile. Hukaa palepale kwa muda mrefu, halafu mwishoni huporomoka. Ndiyo maana mzee hakuwahi kuona tofauti yoyote kwa miaka ishirini, na alipoona bei yangu alidhani namwonea.

Milioni 26 ni sakafu, yaani thamani ikiwa muda utaisha na hautaongezwa. Kwa kawaida huongezwa, na soko linajua hivyo, kwa hiyo bei halisi hukaa mahali fulani kati ya 26 na 60. Ni wapi hasa? Hilo linategemea faili. Faili la mzee lilikuwa na madoa mawili. Pango la ardhi halijalipwa miaka saba. Pia hati inasema matumizi ni makazi, wakati kiwanja kina fremu nne na hakuna mtu anayelala pale. Anayeomba kuhuisha huku amevunja masharti ya hati anaomba akiwa na mkono mfupi. Lazima kwanza alipe malimbikizo na aombe kubadilisha matumizi. Juu ya hayo, benki haitakubali kwa urahisi kutoa mkopo wa miaka kumi kwa dhamana ya hati yenye miaka sita, hivyo hata wanunuzi wenyewe wanapungua.

Nilimshauri kijana, kama ninavyowashauri wote: muuzaji ahuishe kwanza, kwa jina lake na kwa gharama yake, ndipo bei ijadiliwe. Kama muuzaji hataki, bei ishuke. Na kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba, nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi rasmi. Inaniuma kuona watu wakimlipa dalali laki kadhaa, halafu wanaona tabu kulipia upekuzi.

Kuna kauli nyingine tatu ninazozisikia. "Hati ya 99 ina thamani mara tatu ya hati ya 33." Kwa fremu, hesabu umeiona: tofauti haifiki asilimia 5. Kwa nyumba ya kuishi, ambako mnunuzi anaridhika na faida ndogo, tofauti inakua; akitaka faida ya asilimia 5 kwa mwaka, hati ya miaka 33 ina thamani ya kama asilimia 81 ya ile ya 99. Mara tatu haipo popote.

"Muda ukiisha nitaenda tu kuhuisha." Anza miaka miwili kabla. Muda ukishaisha, unayemwomba Kamishna ni wewe usiye na haki hai mkononi, na hakuna benki wala mnunuzi atakayekusubiri.

"Shamba langu la kimila huko Uyui ni milki huru, halina miaka." Ni kweli kwamba haki ya kimila ya raia inaweza kuwa bila ukomo wa muda, na kwa upande huo inaishinda hati ya mjini. Lakini ukitaka kumuuzia mtu asiye wa kijiji, halmashauri ya kijiji lazima iridhie, na mnunuzi makini hupunguza bei kwa sababu hiyo. Mji ukilifikia shamba hilo na likapimwa viwanja, utakachopewa ni hati yenye tarehe ya mwisho, kama ya yule mzee.