Marejeo 58, nafasi 40: tulivyoyapunguza

Muuguzi mmoja anayesomea shahada ya uzamili alikuja ofisini kwangu Ngara mwezi uliopita na mswada uliorudishwa kabla hata ya kufika kwa wahakiki. Makala yake inahusu matumizi ya vyandarua vyenye dawa. Ilikuwa na marejeo 58, na jarida linakubali 40 tu.

"Mwalimu, nifute yale ya zamani?" akaniuliza.

Nikamwambia tuifunge kwanza orodha. Ukianzia kwenye orodha utachagua kwa mwaka au kwa ukubwa wa jina la jarida, na utafiti wetu wa hapa nyumbani ndio utakaotangulia kutupwa. Tulianza na sentensi: kila penye nambari tukajiuliza, rejeo hili likiondoka, msomaji atakosa ushahidi gani?

Kabla ya hapo tulifungua Zotero, programu anayotunzia marejeo yake, sehemu ya `Duplicate Items`. Makala mbili zilikuwa zimeingizwa mara mbili kila moja, hivyo zilihesabiwa kama nne. Tukaziunganisha, zikabaki 56.

Sentensi yake ya kwanza ilisema malaria bado inaua watoto wengi Afrika, ikafuatwa na [1–7]. Saba kwa jambo ambalo hakuna mhakiki atakayelibishia! Tukabakisha ripoti ya malaria ya Shirika la Afya Duniani, toleo la karibuni. Alidhani tumeokoa sita, kumbe tumeokoa nne tu, kwa sababu mbili kati ya hizo zilikuwa zimetajwa tena kwenye mjadala. Rejeo halitoki kwenye hesabu mpaka liondoke kila mahali, pamoja na chini ya majedwali. Tukawa na 52.

Sentensi iliyotuchukua muda ni ile iliyosema vyandarua vyenye dawa hupunguza vifo vya watoto, [11–18]. Mojawapo ya hizo nane ni mapitio ya kimfumo ya Cochrane, ambayo tayari yamekusanya majaribio makubwa ya Burkina Faso, Gambia, Ghana, Kilifi na Siaya. Kwa dai la jumla kama hilo, mapitio yanatosha. Lakini aya mbili mbele alikuwa ameandika kwamba Kilifi vifo vilipungua kwa asilimia 33. Takwimu hiyo ni ya jaribio lenyewe, lililochapishwa 1996. Anayeitaja na kuelekeza msomaji kwenye mapitio anamtuma dukani kwa jirani, na waliofanya kazi hawatajwi. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba (ICMJE) inahimiza kurejea utafiti asilia kila inapowezekana, ingawa inakubali pia kwamba machache ya msingi mara nyingi yanafaa sawa na orodha ndefu. Kwa hiyo Cochrane ikabaki, Kilifi ikabaki, sita zikaondoka: 46.

Hapo akapendekeza tutoe tafiti mbili zilizopata matokeo kinyume na yake. "Hizi zinanichanganyia tu mjadala." Nilikataa, na hapa huwa sina simile. Ukiondoa wanaokupinga ili upate nafasi, hujapunguza orodha, umepotosha picha ya ushahidi. Na mhakiki anayeijua fani huligundua pengo hilo upesi, hasa kama mojawapo ni kazi yake.

Tulichofuta badala yake ni aya nzima ya mjadala kuhusu historia ya udhibiti wa mbu. Ilikuwa nzuri, ilitoka kwenye tasnifu, na haikugusa swali la utafiti. Ilibeba marejeo sita yasiyotajwa kwingine. Tukafika 40.

Akataka kufunga kompyuta. Ngoja, nikamwambia: wahakiki karibu kila mara huomba uongeze kitu, na ukiwa umejaa pomoni utaanza kukata upya ukiwa na haraka. Tukaangalia kazi tano za msimamizi wake. Mbili zilieleza namna sampuli ilivyochaguliwa na dodoso lilivyojaribiwa, hizo haziguswi. Tatu zilikuwa salamu za heshima. Alikwenda kumwomba ruhusa mwenyewe, akarudi na 37.

Kuhusu kusukuma marejeo yaliyobaki kwenye kiambatisho: jarida likiruhusu, ni sawa kwa maelezo ya ziada ya mbinu. Ila marejeo ya huko mara nyingi hayasomwi na hifadhidata zinazohesabu nukuu, kwa hiyo usimpeleke huko mtu ambaye hoja yako kuu inamtegemea.

Kosa lililobaki ni la mikono. Alifuta makala kwenye maktaba ya Zotero akashangaa kuziona bado zipo kwenye Word. Taarifa zake huhifadhiwa ndani ya waraka wenyewe, hivyo bofya nambari katika sentensi, chagua `Add/Edit Citation`, uitoe hapo. Nambari nyingine zitajipanga zenyewe. `Unlink Citations` iache mpaka mwisho kabisa, tena kwenye nakala nyingine ya faili, maana baada yake kila nambari utaibadilisha kwa mkono.

Maoni ya wahakiki yamerudi juzi. Wameomba marejeo mawili zaidi.