No vi a nadie: kukana mara mbili bila kubatilisha

Nafundisha Kihispania hapa Mombasa, na wanafunzi wangu wengi ni waongoza watalii wa Mji wa Kale. Juzi mmoja wao alifika darasani na jambo linalomkera. Mama mmoja Mhispania alisahau mkoba wake kwenye benchi nje ya Ngome ya Yesu, aliporudi hakuukuta. Akamuuliza kijana wangu: *¿No vio a nadie?* Yaani, hukumwona mtu? Naye akajibu: *Sí. Vi a nadie.* Mama akashtuka: *¿A quién?* Nani huyo? Kijana kuona hakueleweka, akajaribu tena: *No vi a cualquiera.* Hapo mama akazidi kumkazia macho.

"Maalim," akaniambia, "mimi sikuona mtu, na ndivyo nilivyosema."

Sivyo alivyosema. Lakini kila kosa lake lilikuwa na sababu, na sababu zote zilitoka kwenye Kiswahili chake, nacho ni kizuri.

Tuanze na *Vi a nadie*. *Vi* ni "niliona", *nadie* ni "hakuna mtu". Nilimuuliza kwa nini aliacha *no* mwanzoni. Akasema alihofia makanusho mawili yakikutana yatafutana, kama tunavyosema "hakuna asiyejua" tukimaanisha kila mtu anajua. Hoja hiyo ni ya mtu anayeisikiliza lugha yake. Methali inaposema "hakuna masika yasiyokuwa na mbu", tunajua mbu wapo masika yote. Ha- ya kwanza na -si- ya pili zimebatilishana.

Ila tazama zimekaa wapi. Ha- imekaa kwenye "hakuna", -si- imekaa kwenye "yasiyokuwa". Ni vitenzi viwili, kila kimoja na ukanushi wake. Katika *No vi a nadie* kitenzi ni kimoja tu, *vi*, na kinachokanushwa ni hicho hicho. *Nadie* haileti ukanushi mpya. Inafuata ule uliopo.

Jambo hili sisi Waswahili tunalo, ila tumelizoea mahali pengine. Chukua sentensi "kitabu kikubwa kile kimeanguka". Umesikia ki- mara nne, na hakuna anayeuliza vitabu vinne viko wapi. Kitabu ni kimoja, maneno mengine yanapatana nacho. Huo ndio upatanisho wa kisarufi tuliofundishwa tangu shule ya msingi. Mhispania ana upatanisho wa ukanushi: kitenzi kikishakanushwa, "mtu" huwa *nadie*, "kitu" huwa *nada*, "wakati wowote" huwa *nunca*. Anaweza kusema *Nadie le dijo nunca nada a nadie*, maneno manne ya kukana, na maana ikawa moja: hakuna mtu aliyewahi kumwambia mtu chochote. Katika tafsiri yetu ukanushi umetajwa mara moja, pale kwenye "hakuna", na "mtu" na "chochote" zimebaki na sura zake za kila siku.

Kwa hiyo huwaambia wanafunzi wangu wahesabu vitenzi vilivyokanushwa, wasihesabu maneno ya kukana. *No hay nadie que no lo sepa* ina maneno matatu ya kukana lakini vitenzi vilivyokanushwa ni viwili, *hay* na *sepa*. Viwili hivyo vinabatilishana, na maana yake ni ile ile "hakuna asiyejua". Methali zetu na Kihispania hapo wanakutana.

Sasa, kwa nini *no* ni lazima? Kwa sababu msikilizaji wa Kihispania anataka alama ya kukana kabla hajafika kwenye kitenzi. Sisi tunayo ndani ya kitenzi chenyewe: "nilimwona" inageuka "sikumwona", ni- imekuwa si-, -li- imekuwa -ku-. Silabi ya kwanza tu imeshakujulisha. *Vi* haina pa kubebea alama hiyo, basi *no* inatangulia. Alama si lazima iwe *no*. Neno lolote la kundi hilo likitangulia linatosha, na hapo *no* inaondoka: *No vino nadie* na *Nadie vino* zote ni "hakuja mtu". Anayesema *Vino nadie* ameacha nafasi ya mbele tupu. Anayesema *Nadie no vino* ameijaza mara mbili, na Kihispania sanifu cha leo hakikubali, ingawa cha zama za kati kiliruhusu.

Historia ya maneno yenyewe inasaidia kuelewa. *Nada* asili yake ni Kilatini *nata*, "iliyozaliwa", kutoka kwenye msemo uliokuwa na maana ya kitu kilichozaliwa, kitu chochote kile. *Nadie* nayo imetoka kwenye mzizi huo huo wa kuzaliwa. Hayakuwa maneno ya kukana. Yalikuwa kama "mtu" na "kitu" katika "sikuona mtu, sikupata kitu", yakifuatana na *no* karne kwa karne mpaka yakashika harufu yake. Leo ukimuuliza Mhispania alimwona nani, anaweza kujibu *A nadie* peke yake ukaelewa hakuona mtu. Sisi "mtu" yetu haijafika huko. Ukiulizwa ulimwona nani ukajibu "mtu", utakuwa umeleta maneno mengine kabisa.

Kosa la *cualquiera* ndilo ninalolisikia zaidi, na ndilo linaloumiza. Kijana alitaka kusema "sikumwona mtu yeyote", akakumbuka *cualquiera* ni "yeyote". Ni kweli, katika "yeyote anaweza kuingia". Lakini *No vi a cualquiera* ina maana ya "niliyemwona si mtu wa hivi hivi", kana kwamba amemwona mkubwa fulani na anasita kumtaja. Na angesema *No vi a alguien*, mama angeelewa kuna mtu maalumu ambaye hakumwona. "Yeyote" yetu ikiwa nyuma ya kitenzi kilichokanushwa, Kihispania chake ni *nadie*. Hiyo *a* ndogo inakuja kwa kuwa anayetajwa ni mtu, jambo lisilo geni kwetu tunaoweka -mw- katika "sikumwona". Kwa kitu haihitajiki: *No vi nada*.

Limebaki *Sí*. Mama aliuliza kwa kukana, "hukumwona mtu?", na kwetu ukiulizwa hivyo na kweli hukumwona, unasema "ndiyo, sikumwona". Ndiyo yetu inakubaliana na maneno ya muuliza. *Sí* na *no* za Kihispania zinaitazama habari yenyewe: jambo lilitokea, *sí*; halikutokea, *no*. Kwa hiyo *Sí* ya kijana ilimfikia mama kama "nilimwona". *Vi* ikaja nyuma yake bila *no*, ikathibitisha. Mama alikuwa na haki kabisa ya kuuliza *¿A quién?*

Tulikaa na jibu lake mpaka likatoka bila kusita: *No, señora, no vi a nadie.* *No* ya kwanza inamjibu mama, ya pili inakanusha *vi*, na *nadie* inaifuata hiyo ya pili.